Shefu ananitukana tena ananilazimisha kutia saini: nibaki, nimshitaki, nihame ao niache kazi?

*Mama, jambo. Nina miaka 29, mimi ni magazinye kwenye depo ya vipuri vya magari hapa Lubumbashi, mwaka wa nne umetimia, kontra yangu haina mwisho. Tangu shefu mpya afike, ananitukana mbele ya wapakizi, ananiita mjinga. Tena kamyo zinapakiwa jioni nikiwa nimerudi nyumbani, asubuhi ananiletea boni za kutoka nizitie saini. Mara mbili nimetia saini kwa kuogopa, na hesabu ya rafu haikulingana na fishi. Shefu ni shemeji ya patroni. Kuna nafasi kwenye depo yetu ya Kasumbalesa, wameniuliza kama ningependa. Mama yangu anasema nivumilie, yaya yangu anasema niache kazi mara moja. Nina mtoto wa shule. Nifanye nini? — Aliyechoka, Kampemba*

Mwanangu, barua yako ina kesi mbili, na wewe umeziandika kama moja. Kuna matusi, na kuna boni. Zinatoka kwa mtu mmoja, ndiyo maana moyoni zimekuwa donge moja, lakini haziponi kwa dawa moja. Mama yako anajibu habari ya matusi, yaya yako anajibu habari ya boni, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, chukua kila kesi peke yake uiulize maswali matatu: Ni kitendo gani hasa ninachotaka kikome? Nani ana uwezo wa kukikomesha? Na mimi nikiondoka leo, jambo hili litabaki nyuma ao litanifuata?

Swali la pili ndilo linalokuonyesha mlango. Kama mwenye kitendo mwenyewe anaweza kukiacha na hana faida kubwa ya kuendelea, sema naye. Kama hawezi ao hataki, na juu yake yuko mtu anayeumia kwa kitendo hicho, panda kwa huyo. Kama wa juu anajua na ameridhika, hapo ndipo kuhama ao kuacha kunakuwa jibu. Swali la tatu linakuonyesha cha kumaliza kabla hujatoka.

Tuanze na boni, kwa sababu matusi yanaumiza lakini boni zinabeba jina lako. Siku patroni atakapohesabu stoki, atashika fishi na boni, na ataita mwenye saini. Maneno ya shefu ya asubuhi hayataandikwa popote. Sheria yetu ya kazi ya 2002, kwenye kifungu cha 72, inamruhusu mwajiri kukatisha kontra papo hapo, bila preavi, mfanyakazi akifanya kosa zito, na kukosa uaminifu ni mojawapo. Usikubali boni ya tatu.

Kwanza sema na shefu mwenyewe. Najua unaogopa, lakini ukienda kwa patroni leo, swali lake la kwanza litakuwa: ulimwambia? Mwambie asubuhi, ofisini, wapakizi wakiwa mbali, na useme habari ya boni tu: “Shefu, boni nitaitia saini nikiwa nimehesabu mzigo mwenyewe. Kamyo ikipakiwa mimi sipo, boni isainiwe na yule aliyeutoa mzigo, mimi nitaandika kwenye fishi jina lake.” Usitaje wizi. Hujaona wizi, umeona hesabu isiyolingana, na ukitaja wizi bila ushahidi kesi itageuka kuwa yako. Kisha siku hiyohiyo mwandikie kwa simu maneno mawili matatu ya heshima, ukirudia mlichosemezana, ili tarehe ibaki.

Sikiliza sana jibu lake, kwa sababu litakuambia ni mtu wa aina gani. Akisema “sawa, tutapakia mchana” ao “basi atasaini mlinzi”, huenda ilikuwa uzembe na haraka ya wateja. Akikasirika, akasema “hapa anayeamua ni mimi, tia saini ao utaona”, basi anahitaji saini yako hasa, na mazungumzo naye yameisha. Usirudi mara ya pili kumbembeleza. (Kama amewahi kukutishia kukupiga ao kukushika mwili, ruka hatua hii kabisa, nenda juu moja kwa moja ukiwa na mtu.)

Umeandika kwamba yeye ni shemeji ya patroni kana kwamba mlango wa juu umefungwa. Mimi naona tofauti. Mali ni ya nani? Filtri na batri zinazopungua kwenye rafu ni franga za patroni. Ukimpelekea malalamiko juu ya tabia ya shemeji yake, atatetea ukoo. Ukimpelekea hesabu ya mali yake, atasikiliza kama mfanyabiashara. Kwa hiyo barua yako isizidi ukurasa mmoja, na matusi yasiwemo hata kwa neno. Andika tarehe za boni mbili, namba zake, kilichoandikwa kwenye boni na ulichokikuta kwenye rafu asubuhi. Tuseme boni moja inasema katoni 40 za filtri zilitoka, na kwenye rafu zimepungua 46: andika hivyo tu, bila kusema zile 6 zilikwenda wapi.

Kisha sema wazi kwamba ulitia saini bila kuhesabu kwa sababu uliagizwa hivyo, na kwamba kuanzia leo hutafanya tena. Najua sentensi hiyo itakuuma kuiandika. Lakini afadhali patroni aisome kutoka kwako kuliko aigundue mwenyewe. Malizia kwa ombi: inventeri ya rafu zote mbele ya watu watatu. Peleka kopi mbili, na yako irudi na tarehe na saini ya aliyepokea. Kama kampuni yenu ina delege wa sendika aliyechaguliwa, mwonyeshe kabla ya kupeleka. Jambo moja la kujihadhari: usibebe boni wala fishi za depo kwenda nazo nyumbani. Nakili namba kwenye daftari lako. Karatasi za kampuni zikikutwa kwako, zitakuwa silaha mkononi mwa shefu.

Halafu ngoja wiki mbili, uangalie anachofanya kuliko anachosema. Patroni anayetaka kujua ukweli ataomba fishi, ao atatuma mtu kuhesabu, hata kama amekununia. Patroni anayejua tayari atakuuliza swali moja: “Umemwambia nani mwingine?” Ukisikia hilo na inventeri haifanyiki, umeshapata jibu la kesi ya boni: mwenye uwezo wa kuikomesha hataki.

Sasa Kasumbalesa. Nafasi hiyo inavutia, na kutoka hapa ni karibu kilomita 90, unaweza kumwona mtoto mwisho wa wiki. Lakini rudi kwenye swali la tatu. Ukihama bila kukabidhi stoki, kila kitakachopungua mwezi ujao kitasemwa kilipungua wakati wako, na wewe utakuwa mpakani huwezi kujitetea. Kwa hiyo kama utahama, sharti lako moja ni remize na reprize iliyo kamili: kuhesabu kila rafu, wewe na anayekupokea, kuandika hata upungufu uliopo, na saini za wote wawili pamoja na ya shahidi. Wengi husaini karatasi ya jumla inayosema “stoki imekabidhiwa” na kuondoka. Karatasi hiyo haikulindi. Uliza pia nani atakuwa shefu wako kule. Kama boni za Kasumbalesa zinapitia mikononi mwa shefu huyohuyo, utakuwa umebadilisha nyumba tu. Na mabadiliko ya mahali pa kazi yaandikwe kwenye kontra, pamoja na pesa ya nyumba na ya safari.

Kuacha kazi mara moja, kama anavyosema yaya yako, kuna bei yake. Kwa kontra isiyo na mwisho, mwajiri anayekufukuza bila kosa zito anakupa preavi isiyopungua siku 14 za kazi, na siku 7 za kazi kwa kila mwaka uliotimia. Kwa miaka yako minne ni 14 na 28, yaani siku 42. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anadaiwa nusu ya hiyo: kwako siku 21 za kazi. Ukitoka kesho bila kuzifanya, patroni anaweza kukudai mshahara wa siku hizo. Soma kontra yako kwanza, kwa maana inaweza kuweka siku nyingi zaidi. Na siku hizo 21 zina faida nyingine: zinatosha kufanya remize na reprize bila haraka.

Matusi je? Sijayasahau, mwanangu, wala sisemi uyameze. Hayo kitendo chake ni kimoja: kukuita mjinga mbele ya watu. Mwenye uwezo wa kukikomesha ni shefu mwenyewe, na ukiondoka hayakufuati. Kwa hiyo ni ya kusema naye, siku nyingine tofauti na ile ya boni, ili asiseme unalipiza: “Shefu, kosa langu niambie ofisini, nitalirekebisha. Mbele ya wapakizi usiniite hivyo, kesho hawatanisikiliza.” Akiendelea, andika tarehe na waliosikia. Kifungu cha 73 kinahesabu matusi mazito na unyanyasaji wa mwajiri kuwa kosa zito la upande wake, hata akiyavumilia kutoka kwa wafanyakazi wengine, na hapo mfanyakazi anaweza kuondoka bila preavi. Lakini njia hiyo ina muda: uamuzi unatangazwa kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu ulipojua jambo unalolishitakia. Matusi ya mwaka jana hayatakusaidia, na kabla ya kuishika sema na enspekta wa kazi ao avoka.

Enspekta huyo ndiye pa kwenda pia kama patroni atakujibu kwa kukufukuza. Ataita pande zote mbili kuwapatanisha, na msipopatana ataandika hivyo kwenye prose-verbali. Bila kupitia kwake, Tribunali ya Kazi haipokei kesi yako.

Kwa hiyo wiki hii sema na shefu habari ya boni. Akikataa, barua kwa patroni iende kesho yake. Jibu la Kasumbalesa liombe muda mpaka inventeri ifanyike. Na kama mwishowe utaandika barua ya kuacha kazi, iandike yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza preavi, na usitoke siku ya mwisho bila hesabu ya mwisho ya mshahara na cheti cha kazi chenye tarehe ya kuingia, ya kutoka, na kazi uliyofanya. Cheti hicho unapewa hata kama mmeachana kwa ugomvi.