Dirhamu 4,000 au shilingi 2,500,000?

"Nimepata kazi Dubai, dirhamu 4,000 kwa mwezi. Hapa Kampala wananipa shilingi 2,500,000. Dirhamu ni kama shilingi 1,000, si niende tu?"

Ndugu yangu, tafadhali usisaini bado. Zigawe pesa mafungu mawili: utakayotumia hukohuko, na utakayotuma nyumbani. Kiwango cha kubadilisha fedha kinafaa fungu la pili tu.

Tuseme kwa Kampala, baada ya kodi na NSSF, unabaki na 1,720,000 hivi. Chumba chako, chakula na boda vinakula 1,100,000, kwa hiyo unaweka 620,000. Dubai mshahara haukatwi kodi ya mapato, lakini maisha hayohayo, yaani chumba cha peke yako, chakula na usafiri, tuyakadirie dirhamu 3,400. Hapo kila dirhamu unayotumia inanunua kile kinachonunuliwa kwa shilingi 320 hapa, wala si 1,000. Zinabaki dirhamu 600, sawa na shilingi 600,000. Na Kampala NSSF inakuwekea 375,000 kila mwezi, mchango wako na wa mwajiri.

Ukikubali kulala kitanda cha kugawana chumba kwa dirhamu 900 badala ya chumba cha 2,000, utabaki na 1,700. Hapo Dubai inashinda wazi, ila unalinganisha maisha mawili tofauti.

Kwa hiyo muulize mwajiri kwa maandishi: malazi ni juu ya nani? Kisha weka bei halisi ulizozipata mwenyewe mahali pa makadirio yangu.