Andika mapema namna utakavyoripoti mikengeuko ya itifaki katika jaribio la tiba ya mazungumzo

Katika majaribio ya tiba ya mazungumzo ambayo nimesimamia data zake, sehemu ya itifaki inayoandikwa kwa haraka kuliko zote ni ile ya mikengeuko, yaani pale timu inapofanya tofauti na ilivyoandika. Mara nyingi huwa sentensi moja tu, isemayo kwamba kila mkengeuko utaandikwa na kupelekwa kwenye kamati ya maadili. Sentensi hiyo haielezi ni jambo gani litahesabiwa kuwa mkengeuko, nani ataamua, ataamua akiwa anajua nini, wala msomaji wa matokeo atauona vipi uamuzi huo. Ushauri wangu kwa wenzangu wanaoandaa usajili wa awali ni kuiandika sehemu hii kwa ukamilifu kabla ya kumsajili mshiriki wa kwanza, na kuiunganisha na mpango wa kushirikisha data, kwa sababu orodha ya mikengeuko nayo ni data.

Tuchukue jaribio moja la mfano. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo wanawaona watu wenye dalili za sonona kwa vikao vitano vya dakika 90 kila kimoja, kwa muundo unaofanana na ule wa Problem Management Plus wa Shirika la Afya Duniani, ambao matokeo ya jaribio lake kwa wanawake wa Nairobi yalichapishwa mwaka 2017. Kundi linganishi linapata huduma ya kawaida ya kituo cha afya. Washiriki wanapangwa kwenye makundi kwa nasibu, na anayewapima baadaye hatakiwi kujua nani yuko kundi gani.

Usajili wenyewe una kanuni inayojulikana. Tangu mwaka 2005 Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, yaani ICMJE, inataka jaribio lisajiliwe hadharani kabla au wakati wa kumwandikisha mshiriki wa kwanza. Kwa Afrika tunayo rejesta ya PACTR iliyoko Cape Town, ambayo inatambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Kuweka itifaki kwenye OSF, jukwaa la mtandaoni la kuhifadhi nyaraka za utafiti, peke yake hakutoshelezi sharti hilo. Hata hivyo OSF inafaa sana kwa kuweka mpango kamili wa uchambuzi wenye mhuri wa tarehe, kwa kuwa nafasi za rejesta ni finyu na haziwezi kubeba maelezo ya mikengeuko. Mimi huweka vyote viwili, na namba ya usajili wa kimoja huiandika ndani ya kingine.

Kipimo kikuu kikiandikwa kilegevu, mkengeuko hauwezi kutambuliwa. “Kupungua kwa sonona baada ya tiba” hakumfungi mtu yeyote. Andika hivi: jumla ya alama za PHQ-9, dodoso la maswali tisa kuhusu dalili za sonona, kuanzia 0 hadi 27, ikipimwa ana kwa ana wiki ya 12 baada ya mshiriki kupangwa kwenye kundi, ndani ya dirisha la wiki mbili kabla au baada, na wastani wa makundi mawili ukilinganishwa kwa kuzingatia alama za mwanzo. Sasa kila neno lina kingo zake. Mtu aliyepimwa wiki ya 17 yuko nje ya dirisha, na aliyepimwa kwa simu amepimwa kwa njia nyingine, na yeyote anayesoma usajili anaweza kuliona hilo bila kutuuliza.

Hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo matatu ambayo yanapaswa kutenganishwa tangu mwanzo. Jambo la kwanza ni maisha ya mshiriki. Mtu akihudhuria vikao viwili kati ya vitano kwa sababu amepata kibarua, au akianza kutumia dawa alizoandikiwa hospitali, hajakiuka itifaki, kwani itifaki haikumwamuru aishi namna fulani. Hayo ni matukio yanayotarajiwa katika tiba ya aina hii, na yanatakiwa kuandikwa kwenye mpango wa uchambuzi pamoja na maelezo ya jinsi yatakavyoshughulikiwa. Katika mfano wetu tunasema kwamba mshiriki atachambuliwa katika kundi alilopangwa, awe amehudhuria vikao vingapi, na kwamba idadi ya vikao itaripotiwa kando. Nimeona orodha za mikengeuko zilizojaa “mshiriki hakufika kikao cha tatu” kiasi kwamba mkengeuko wa kweli, ule wa timu yenyewe, ulikuwa umefunikwa katikati yake.

Jambo la pili ndilo mkengeuko hasa: timu imefanya tofauti na ilivyoandika. Mtu asiyetimiza vigezo ameandikishwa. Mtathmini amegundua kundi la mshiriki. Mshauri aliyefunzwa amemhudumia mtu wa kundi linganishi kwa mbinu zilezile. Mshauri ameacha sehemu ya mwongozo. Jambo la tatu ni badiliko la itifaki, yaani uamuzi uliopitishwa na kamati ya maadili wa kufanya tofauti kuanzia tarehe fulani kwa washiriki wote. Mafuriko ya Kenya ya mwaka 2024 ni mfano wa hali inayoweza kuilazimisha timu kuhamishia upimaji kwenye simu. Badiliko kama hilo linapewa namba ya toleo na tarehe, linaingizwa kwenye rejesta ambako historia ya toleo la zamani inabaki ikionekana, na kila mshiriki anawekewa kwenye data alama ya njia aliyopimiwa. Mwongozo wa CONSORT wa kuripoti majaribio, katika toleo la 2010 na hata la 2025, unataka mabadiliko muhimu yaliyofanywa baada ya jaribio kuanza yaelezwe pamoja na sababu zake. Kilichofanyika kabla ya kamati kupitisha badiliko kinabaki kuwa mkengeuko, hata kama kilikuwa cha busara.

Kuna tukio moja linalostahili aya yake katika kila usajili wa jaribio la sonona. Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mshiriki akikubali kuwa nayo, mtathmini analazimika kuanza utaratibu wa usalama papo hapo na kumpigia msimamizi wa kitabibu, na katika mazungumzo hayo anaweza kujua kwamba mshiriki tayari ana mshauri, na hivyo akajua kundi lake. Ikiwa hamkuandika mapema kwamba usalama unatangulia na kwamba kipimo kinachofuata kitafanywa na mtathmini mwingine, kijana wa watu atasita, akiogopa “kuharibu jaribio”. Mtathmini hapaswi kamwe kuwekwa katika hali hiyo.

Nani anaamua kwamba mkengeuko ni mkubwa au mdogo? Jibu la kawaida ni kamati ndogo ambayo haijui makundi, inayoamua kabla ya data kufunguliwa. Katika majaribio ya dawa hilo linawezekana kirahisi. Katika tiba ya mazungumzo maelezo ya mkengeuko yenyewe hufichua kundi, kwa kuwa mtu wa kundi linganishi hana mshauri anayeweza kuacha sehemu ya mwongozo. Kwa hiyo tunaigawa kazi. Mikengeuko ya uandikishaji na ya upimaji inapelekwa kwenye kamati ikiwa imeondolewa kila neno linaloashiria kundi. Mikengeuko ya ushauri haiamuliwi na mtu, bali na kanuni iliyosajiliwa: kompyuta inachagua kwa nasibu sehemu moja ya kumi ya rekodi za vikao, mtu asiye wa timu ya ushauri anazisikiliza akiwa na orodha ya vipengele vya mwongozo, na kikao kisichofikia kiwango kilichotajwa, tuseme asilimia 80 ya vipengele, kinahesabiwa kuwa mkengeuko. Washauri wasiruhusiwe kuchagua rekodi zao wenyewe.

Kutokana na hali hiyo, jedwali linalolinganisha jumla ya mikengeuko ya makundi mawili linapotosha, kwani kundi la tiba litaonekana na makosa mengi kwa sababu tu lina mahali pengi zaidi pa kukosea. Sajilini kwamba mtaripoti kwa aina, kila aina ikiwa na kigawanyo chake: mikengeuko ya mwongozo kwa vikao vilivyosikilizwa, mikengeuko ya dirisha kwa vipimo vilivyofanyika. Yule wa wiki ya 17 anabaki kwenye uchambuzi mkuu, kisha uchambuzi wa pili unafanywa bila waliopimwa nje ya dirisha, na majibu yote mawili yanachapishwa. Dalili ya kwanza kwamba kuna tatizo ni daftari lisilo na mkengeuko wowote baada ya miezi ya kazi. Katika uzoefu wangu daftari safi humaanisha kwamba watu hawaandiki.

Sasa tuje kwenye kushirikisha data. Kwa majaribio yaliyoanza kuandikisha washiriki tarehe 1 Januari 2019 na kuendelea, ICMJE inataka mpango wa kushirikisha data uwemo kwenye usajili wenyewe, na ukibadilika baadaye, badiliko hilo lielezwe. Ninashauri faili la mikengeuko lishirikishwe pamoja na faili la matokeo, kwa namba ileile ya mshiriki, ili mtafiti mwingine aweze kurudia uchambuzi wetu kwa uamuzi wake mwenyewe kuhusu nani aondolewe. Muundo wake ni mfupi:

```
id,siku_tangu_kupangwa,hatua,aina,uzito,aliyeamua,toleo_la_itifaki
```

Angalieni kwamba hakuna safu ya maelezo huru. Daftari la ndani linayo, na ndilo lenye hatari kubwa kuliko alama zote za PHQ-9, kwa sababu humo ndimo huandikwa kwamba mama fulani alichelewa kupimwa baada ya kufiwa na mumewe na kuhamia kijiji cha jirani. Katika kata yenye washiriki wachache, jirani yeyote atamtambua. Maelezo hayo yanageuzwa kuwa alama za aina kabla ya kutoka ofisini, tarehe zinageuzwa kuwa siku tangu kupangwa, umri unawekwa kwa makundi ya miaka, na jina la kata linaondolewa. Mshauri anapewa namba ya nasibu, wala hatuwezi kuifuta, kwa kuwa wateja wa mshauri mmoja hufanana na uchambuzi unahitaji kujua hivyo. Hata hivyo washauri wakiwa wachache mno, namba hiyo, jinsia na kituo vikikaa pamoja vinamtaja mtu, hivyo vile viwili vya mwisho vinaondolewa.

Rekodi za sauti hazishirikishwi hata kidogo. Kinachotoka ni alama za msikilizaji. Fomu ya ridhaa iwe na sahihi ya kushiriki na nyingine tofauti ya data kutumiwa na watafiti wengine, na anayekataa ya pili abaki kwenye jaribio. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2022. Anayetaka kutoa data nje ya Tanzania atahitaji pia makubaliano ya uhamishaji yanayopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Makubaliano hayo yana mkondo wake mrefu, kwa hiyo msiahidi kwenye rejesta kwamba data zitawekwa siku makala itakapochapishwa. Andikeni muda mnaoweza kuutimiza, jina la hifadhi, nani anaweza kuomba na kwa kazi gani, na nani atakayejibu maombi hayo baada ya fedha za mradi kwisha.