Karatasi 42 zisizo na majina

Zamani nilikuwa nikifungua muhula na sheria zangu kumi zimeshabandikwa ukutani. Wanafunzi wakizisoma kwa sauti na kuitikia "ndiyo, mwalimu", na kufika wiki ya pili nimeshageuka polisi.

Siku hizi nasubiri hadi siku ya tatu, wakiwa wameshaonja kero za darasa lenyewe. Nagawa vipande vya karatasi visivyo na majina na kuuliza jambo moja tu: ni kitu gani kinakuzuia kujifunza humu ndani? Mwaka mmoja nilikusanya karatasi 42, na 17 kati ya hizo zilisema jambo lile lile: "Kuchekwa nikikosea." Katika sheria zangu kumi hilo halikuwemo. Mimi nilikuwa nimehangaika na sare na kuchelewa.

Kabla hatujaanza kuandika sheria za darasa pamoja, nawaambia wazi yasiyopigiwa kura: kupigana, matusi na chochote kinachohatarisha usalama. Ukijifanya kila kitu ni chao kisha ukakikataa, watakushtukia papo hapo.

Makundi ya watu watano yalileta mapendekezo, tukayachuja yakabaki manne. La kwanza lilikuja likisema "tuheshimiane". Nikawauliza, nikipita dirishani nitaona nini ili nijue mnaheshimiana? Wakabishana weee, mwisho wakaandika: "Mwenzetu akijibu tunamsubiri amalize, na akikosea hatumcheki."

Kwenye adhabu ndipo unapohitaji kuwashika mkono, kwa sababu watoto ni wakali kuliko sisi. Walitaka anayecheka asimame nje kipindi kizima. Nikauliza, na aliyechekwa anapata nini? Kimya. Mmoja akasema basi mchekaji ajibu swali linalofuata. Hilo nililipinga, maana kujibu kungegeuka adhabu, na shida yetu ilikuwa hiyo hiyo hofu ya kujibu. Tukamalizia hivi: somo linaendelea, na baada ya kipindi aliyecheka anamwendea mwenzake kumwomba radhi.

Wiki iliyofuata mtoto alitoa jibu la ajabu kidogo, nikacheka mimi. Msichana wa dawati la mbele hakusema neno, akanyoosha kidole ukutani, kwenye sheria zetu. Nilimwomba radhi aliyejibu mbele ya wote, na nadhani sheria ile ilianza kufanya kazi siku hiyo. Baada ya hapo, mtu akicheka, jirani yake humgusa bega kabla mimi sijageuka kutoka ubaoni. Hawanitii mimi hapo, wanakumbushana neno lao wenyewe, na anayekumbushwa hana wa kumnunia.

Sheria moja ilikufa: "Tusipige kelele." Wiki mbili baadaye tulipozipitia tena, walisema hawajui kelele inaanzia wapi, kwa kuwa kwenye kazi za makundi nawataka waongee. Wakaiandika upya: mtu mmoja akiongea na darasa zima, kimya; wawili wawili, kunong'ona; kwenye kundi, sauti isivuke meza yenu.