Kutoa gredi moja ya muhula kutoka kwa viwango vya umilisi

Swali: "Nafundisha Hisabati gredi ya 8. Kila mwanafunzi ana kiwango cha 1 hadi 4 kwa kila tokeo la ujifunzaji, lakini ripoti ya muhula inataka gredi moja. Nikitafuta wastani na kuugeuza asilimia, naona watoto wanaotofautiana sana wanatoka sawa. Mnafanyaje?"

Mwalimu, anza na hiyo asilimia, kwa kuwa ina kasoro kubwa kuliko wastani wenyewe. Mwanafunzi mwenye 3, yaani Kufikisha Matarajio, ukimgawanya kwa 4 anapata asilimia 75. Sasa tazama ngazi nane zinazotumiwa na baraza la mitihani la Kenya, KNEC, katika KJSEA, tathmini ya mwisho wa gredi ya 9: asilimia 75 hadi 89 ni EE2, ngazi ya kuzidisha. Mtoto aliyefikisha matarajio ameandikiwa kwamba ameyazidisha. Mwenye 2 anapata asilimia 50, nayo iko ndani ya ME2 (41 hadi 57), ngazi ya kufikisha, ilhali wewe ulisema anakaribia tu. Mwenye 1 anapata 25, ambayo ni AE2, ngazi ya kukaribia. Kila mtu amepandishwa daraja moja isipokuwa aliye juu kabisa, na hakuna aliyejifunza kitu zaidi. Ile 3 si robo tatu ya chochote. Ni jina la kiwango, na nafasi kati ya 1 na 2 si lazima ilingane na ile kati ya 3 na 4. Kwa hiyo usiigeuze asilimia hata kidogo.

Kazi yenyewe ina hatua mbili, na vurugu nyingi huja pale zinapochanganywa. Kwanza unaamua mwanafunzi yuko kiwango gani katika tokeo moja. Baada ya hapo ndipo unaamua matokeo yote kwa pamoja yanampa gredi gani.

Katika hatua ya kwanza, swali ni anachoweza kufanya sasa. Aliyepata 1, 2, 3, 3 katika milinganyo ana wastani wa 2.25, na ukiukadiria anabaki kwenye 2. Anaadhibiwa kwa wiki ambazo alikuwa bado anafundishwa. Kuna mifumo inayoupa ushahidi wa mwisho uzito wa asilimia 65 na yote ya nyuma 35. Huyu atafika 2.65, vizuri. Lakini mpe mwenzake aliyepata 3, 3, 3 kisha 1 siku aliyokuwa mgonjwa: anaporomoka hadi 1.7. Zoezi moja limebeba uzito kupita kiasi.

Njia ninayoiamini ni kupanga ushahidi tatu za mwisho kwa ukubwa na kuchukua ya katikati. Wa kwanza ana 2, 3, 3, basi ni 3. Wa pili ana 3, 3, 1, naye ni 3. Siku moja mbaya haimwangushi, na siku moja ya bahati haimpandishi. Kama ushahidi tatu za tokeo hilo ziko D2 hadi F2:

```
=IF(COUNT(D2:F2)<3,"",MEDIAN(D2:F2))
```

Asiyekuwepo, acha seli wazi, usiandike 0. Sufuri ni namba, itahesabiwa kama ushahidi kwamba hajui, na wewe huna ushahidi huo. Kuchelewesha kazi na utoro pia viandikwe mahali pake kwenye ripoti, visiguse kiwango.

Hatua ya pili ndiyo hasa uliyoiuliza. Usiingie na kila tokeo mahususi lililo kwenye mtaala, utazama. Yaunganishe kwa mada ndogo hadi yabaki kama manane. Tuseme ni namba kamili, sehemu, uwiano na asilimia, semi za aljebra, milinganyo, eneo, michoro ya kijiometri na takwimu, kwa mpangilio huo kutoka safu B hadi I. Chagua machache ya msingi, yale ambayo asiyeyaweza atakwama gredi ya 9. Hapa nachukua namba kamili, sehemu na milinganyo.

Sasa badala ya kujumlisha, weka masharti. Kuzidisha Matarajio: angalau matano yako 4, na hakuna lililo chini ya 3. Kufikisha: angalau sita yako 3 au zaidi, yote matatu ya msingi yamefika 3, na hakuna lenye 1. Kukaribia: angalau sita yako 2 au zaidi. Asiyetimiza hata hilo yuko Mbali na Matarajio.

Chukua wale watoto wako wanaotoka sawa. Wa kwanza ana 3 katika yote manane, jumla 24. Wa pili ana 4 katika namba kamili, sehemu, eneo, michoro na takwimu, lakini 2 katika semi, na 1 katika uwiano na vilevile milinganyo. Jumla 24 pia. Kwa wastani ni mapacha. Kwa masharti, wa kwanza amefikisha na wa pili anakaribia. Ni ukali kwa mtoto mwenye 4 tano? Ndiyo, na ninausimamia, kwa sababu hawezi kutatua mlinganyo na mzazi anastahili kulijua hilo. Zaidi ya hayo njia ya kupanda iko wazi: akifika 3 katika milinganyo na 2 katika uwiano, anakuwa na sita zenye 3 au zaidi, hana 1, na ya msingi yametimia. Amefikisha. Andika hivyo kwenye ripoti, kwa kuyataja matokeo hayo mawili.

```
=IF(COUNT(B2:I2)<8,"BADO",
 IF(AND(COUNTIF(B2:I2,4)>=5,MIN(B2:I2)>=3),4,
 IF(AND(COUNTIF(B2:I2,">=3")>=6,MIN(B2:I2)>=2,
  MIN(B2:C2,F2)>=3),3,
 IF(COUNTIF(B2:I2,">=2")>=6,2,1))))
```

Mstari wa kwanza usiuondoe. Bila huo, mwanafunzi aliyekosa ushahidi katika matokeo matatu atashushwa kimyakimya, maana seli tupu haihesabiwi kuwa imefika 2 wala 3. "BADO" inakurudisha darasani kumpa kazi ya kutathmini kabla ya kufunga muhula.

Kabla ya kutangaza masharti, yapitishe kwenye rekodi za muhula uliopita. Tazama walioanguka kwa sharti moja tu, kisha fungua madaftari yao. Ikiwa wengi wamezuiwa na tokeo lilelile, usikimbilie kulegeza sharti. Chunguza kwanza zoezi la tokeo hilo: mara nyingi maswali ya uwiano yameandikwa kwa maelezo marefu, na unachopima ni kusoma. Masharti yakishakaa sawa, wape wanafunzi mwanzoni mwa muhula, si wakati wa ripoti.

Haya ni ya ripoti ya shule tu. Kazi za tathmini za KNEC zina miongozo yake ya kusahihisha, ifuatwe ilivyo.

Na kama mkuu wa shule hataki kuachana na wastani, basi ubaki kwenye mizani ya 1 hadi 4: kuanzia 3.5 ni Kuzidisha, 2.5 ni Kufikisha, 1.5 ni Kukaribia, chini ya hapo ni Mbali. Kisha omba sharti moja tu juu yake, kwamba mwenye 1 popote asipewe 3 wala 4. Yule mtoto wa pili, mwenye wastani wa 3.0, ataandikiwa 2.