Kichwa cha tangazo la seti: nini kiingie, nini kibaki kwenye maelezo

Swali: "Nauza seti ya jiko la gesi plate mbili, mtungi wa kilo 15 uliojaa, regulata, mpira na klipu zake mbili. Nikitaja vyote kichwa kinakatwa, nikiandika 'seti kamili' wateja wanauliza kuna nini ndani. Niandikeje?"

Anza na nafasi uliyonayo. eBay wanakupa herufi 80, Etsy 140, na nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Andika kwa 80, maana kichwa hicho utakihamishia soko lolote lenye nafasi hiyo au zaidi bila kukikata upya. Halafu kwenye simu mteja mara nyingi huona mwanzo tu wa kichwa akiwa anapitia matangazo, kwa hiyo herufi 40 za kwanza ndizo zinazouza.

Tazama kichwa cha aina inayoonekana kila siku:

```
OFA!! Seti Kamili ya Jiko la Gesi Plate 2 Pamoja na Mtungi wa Gesi Kilo 15 Uliojaa, Regulata, Mpira wa Gesi wa Mita 1.5 na Klipu Zake 2 Bei Poa
```

Hizo ni herufi 143. Ukikata kwenye 80 kinaishia "Ulioj", na regulata haipo kabisa. "Gesi" imeandikwa mara tatu, wakati mara moja inatosha kwa utafutaji na kwa msomaji. "Ofa", "kamili" na "bei poa" hazimwambii mtu atapokea nini, na bei anaiona chini ya picha.

Sasa kila kitu kwenye seti kiulize hivi: kikikosekana, mteja atalazimika kwenda kununua kingine kabla ya kupika? Na je, bei yake inabadilisha uamuzi? Jiko na mtungi vinapita bila ubishi. Regulata na mpira vinapita kwa sababu bila hivyo jiko haliwaki siku ya kwanza. Klipu ni lazima kwa usalama, lakini hakuna anayechagua seti kwa ajili ya klipu, kwa hiyo zinaingia kwenye hesabu ya jumla. Urefu wa mpira nao unashuka kwenye maelezo.

```
Jiko la Gesi Plate 2 + Mtungi Oryx Kilo 15 (Umejaa) + Regulata na Mpira, Vitu 6
```

Herufi 79. Jiko na mtungi vimeisha kutajwa kwenye herufi ya 42. Alama ya + inatenganisha vitu ambavyo mtu angeweza kununua kimoja kimoja, na peke yake inaonyesha kuwa hii ni seti. Kampuni ya mtungi nimeiweka (kama wako ni wa nyingine, badilisha jina na uhesabu upya) kwa sababu mnunuzi anafikiria atabadilishia wapi gesi ikiisha. "Umejaa" usiliache hata kidogo: tofauti ya mtungi mtupu na uliojaa ndiyo chanzo cha ugomvi mlangoni.

Tarakimu ndizo zinazopotosha zaidi. "Jiko 2" mtu anaweza kusoma majiko mawili, ndiyo maana neno "plate" halikatwi. "Seti 6" inasomeka kama seti sita. Andika "Vitu 6". Hesabu kinachoshikika kwenye picha: jiko, mtungi, regulata, mpira na klipu mbili. Gesi iliyomo haihesabiwi. Na kama umepiga picha jiko likiwa na sufuria juu, piga nyingine, la sivyo kuna atakayeidai.

Mstari wa kwanza wa maelezo urudie orodha yote kwa mpangilio uleule wa kichwa, sasa kwa urefu: regulata ni ya kubonyeza au ya kukaza kwa nati na inaingia kwenye valvu ya mtungi huo, mpira mita 1.5, klipu 2. Kilo 15 fafanua kuwa ni uzito wa gesi; uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye mtungi wenyewe, na anayelipia usafirishaji anahitaji jumla ya vyote.

Ukiuza na mtupu pia, kwenye tangazo moja lenye machaguo mawili, ondoa "(Umejaa)" kwenye kichwa uliweke kwenye jina la chaguo. Vivyo hivyo kitu ambacho mara kwa mara kinakuishia dukani kisikae kwenye kichwa, maana siku kikiisha tangazo linadanganya.

Kwa matangazo mengi, panga vichwa kwenye jedwali, kichwa kikiwa A2, na kwenye B2 weka fomula hii ikuhesabie herufi:

```
=LEN(A2)
```

Kisha mtumie mtu kichwa peke yake bila picha, umuulize mzigo utakaofika una vitu gani. Akitaja majiko mawili, au akiuliza kama gesi imo, ujue neno gani la kurekebisha.