Printa yangu ilikuwa na thamani hasi: rejista ya mali za kudumu nilivyoijenga upya

Mkaguzi alifungua shiti langu la mali, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaniuliza, "Hii printa mnadaiwa nayo?" Nikaangalia, thamani ya kitabuni imeandikwa -80,000. Aisee nilitamani ardhi ipasuke. Printa tulinunua 400,000, umri wa matumizi miaka 5, kwa hiyo uchakavu ni 80,000 kila mwaka, sasa ulipofika mwaka wa 6 fomula yangu ikaendelea kukata tu kwa sababu hakuna mahali nilipoiambia isimame. Na kibaya zaidi jumla ya chini haikuonyesha kitu, ile hasi ilikuwa imemezwa na mali zingine, imepunguza thamani yote kimyakimya.

Nilipokaa kuipitia nikakuta printa ni dalili tu. Ngoja nitumie mashine moja uone, weka sarafu yako mwenyewe.

Bei ya mashine 5,000,000. Kusafirisha 250,000, kufunga 150,000. Mimi zamani nilikuwa naandika 5,000,000 halafu hizo zingine natupia kwenye matumizi ya mwezi, kumbe gharama ya mali ni mpaka ifike na iwe tayari kufanya kazi, kwa hiyo hapa ni 5,400,000. Hela ya kumfundisha mtu kuitumia ndiyo haiingii, hiyo ni matumizi ya kawaida. Tukakadiria itafanya kazi miaka 4, yaani miezi 48, na mwisho tutaiuza kama 600,000. Kinachochakaa ni 4,800,000, ukigawa kwa 48 ni 100,000 kwa mwezi.

Sasa ilikuwa tayari tarehe 1 Septemba 2021. Rejista ya zamani ilikata mwaka mzima, 1,200,000, wakati mashine ina miezi 4 tu. Sahihi ni 400,000 kwa 2021, halafu 1,200,000 kwa 2022, 2023 na 2024, na 2025 inabaki miezi 8, 800,000. Thamani ya kitabuni kila mwisho wa mwaka inashuka hivi: 5,000,000, halafu 3,800,000, 2,600,000, 1,400,000, inaishia 600,000 na hapo inakaa. Ona umri ni miaka 4 lakini uchakavu umegusa miaka 5 ya hesabu, hapo ndipo wengi tunapotea. Na angalia ni tarehe ilipokuwa tayari kwa kazi, si tarehe ya risiti, mashine inaweza kulipiwa Juni ikakaa kwenye boksi inasubiri fundi.

Kilichoniokoa ni kuacha kuhesabu uchakavu wa mwaka mmoja mmoja. Nahesabu uchakavu limbikizi, yaani jumla tangu mwanzo mpaka mwisho wa mwaka ule, na wa mwaka wenyewe napata kwa kutoa limbikizi la mwaka uliopita. Safu B ni tarehe ya kuanza, C gharama, D thamani ya mwisho, E miezi ya umri, na mstari wa 1 kuanzia F una miaka, 2021 na kuendelea mpaka J:

```
F2: =($C2-$D2)/$E2*MAX(0,MIN($E2,(F$1-YEAR($B2))*12+13-MONTH($B2)))
L2: =IF(YEAR($B2)>F$1,0,$C2-F2)
```

F2 ni limbikizi, L2 ni thamani ya kitabuni, zivute kulia na chini. Ile MIN ndiyo breki, miezi haiwezi kuzidi umri, na MAX inazuia hesabu kabla mali haijawa tayari. Kompyuta ikikataa jaribu nukta mkato badala ya mkato, inategemea seting. Kitu kingine, hii inahesabu mwezi wa kuanza kama mwezi mzima hata kama ni tarehe 28, kama sera yenu ni kuanza kuhesabu mwezi unaofuata badilisha ile 13 iwe 12.

Isipokuwa fomula haijui mali ikiuzwa, hiyo ni kazi yako. Tuseme mashine imeuzwa mwisho wa Juni 2024 kwa 1,700,000. Imefanya miezi 34, limbikizi 3,400,000, kitabuni 2,000,000, kwa hiyo hasara ni 300,000. Kwenye leja unatoa gharama yote 5,400,000 na limbikizi lote 3,400,000, si kutoa ile 2,000,000 upande mmoja. Mimi nilifanya hivyo mara moja, mizania ilikuwa sawa kabisa ila rejista na leja hazikukubaliana kwa 3,400,000 kwenye gharama na kwenye limbikizi pia, nikatafuta siku mbili nzima. Siku hizi mstari wa mali iliyouzwa sifuti, nauhamishia shiti ya pili na tarehe na bei ya kuuzia.