"Hatujakuchagua" na "hatukukuchagua": maswali yenu kuhusu kumjibu aliyekosa kazi

Dada, nashughulikia ajira kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Barua tunayowatumia waliokosa nafasi ni ya heshima kabisa, lakini wiki mbili baadaye wananipigia kuuliza wataanza lini. Nimekuambatishia. Kosa liko wapi?

Nimeisoma mara tatu, na mimi pia ningekupigia. Sehemu yenyewe ni hii:

> Tunakushukuru kwa kuonesha nia ya kujiunga nasi. Tulipokea maombi mengi kutoka kwa watu wenye sifa, na ushindani ulikuwa mkubwa. Kwa sasa hatujaweza kukuchagua. Hata hivyo tumevutiwa sana na wasifu wako, na tutauhifadhi kwa ajili ya nafasi zitakazojitokeza. Usisite kuwasiliana nasi.

Tazama kitenzi. Hiyo "-ja-" tunaitumia kwa jambo ambalo halijatokea mpaka sasa lakini linasubiriwa: mgeni hajafika, wali haujaiva. Ukimwambia mtu "hatujaweza kukuchagua", umemwambia akae karibu na simu. "Hatukukuchagua" inasema jambo limekwisha. Kati ya "hatujakuchagua" na "hatukukuchagua" herufi mbili tu zimebadilika, na ndizo zinazomfanya mtu aamue kama atakwenda kuomba kwingine kesho asubuhi.

"Kwa sasa" inazidisha tatizo hilohilo. Sisi tukiona "hapana" ni kali, tunasema "bado". Muulize mtu kama ameoa, atakujibu bado hata kama hana mpango wowote. Msomaji wako amekulia ndani ya lugha hii. Anajua kwamba neno laini linaweza kuwa kukataliwa na linaweza kuwa ahadi, na mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa atachukua ile maana inayomfaa.

Kisha linakuja "hata hivyo". Chochote kinachofuata neno hilo kinafuta kilichotangulia. Umemkataa, halafu ukamwambia umevutiwa naye sana, na neno la mwisho ndilo alilolala nalo.

Nilipokupigia ulinieleza habari za mwombaji mmoja wa nafasi ya mhasibu msaidizi, kwa hiyo nimeandika upya barua yake yeye:

> Ndugu (jina lake),
>
> Asante kwa kuja kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi tarehe 6 Mei. Nafasi hiyo tumempa mwombaji mwingine, naye amekwisha kusaini mkataba. Wewe hukuchaguliwa. Pole, najua ulijiandaa, na ulisafiri kutoka Sengerema mara mbili.
>
> Kilichoamua ni zoezi la kulinganisha daftari letu la benki na taarifa ya benki. Tofauti zilikuwa tano, wewe uliona tatu. Zilizokupita ni makato ya benki na hundi ambayo ilikuwa haijalipwa. Mwenye nafasi hii atafanya ulinganisho huo peke yake kila mwisho wa mwezi, na hatuna mtu wa kumfundisha.
>
> Hatutaajiri mhasibu mwingine mwaka huu, kwa hiyo tafadhali usitusubiri. Nakala za vyeti vyako ziko mapokezi hadi tarehe 30 Mei. Baada ya hapo tutazichana. Ukiwa na swali kuhusu zoezi, nipigie Jumatano mchana.
>
> (Jina lako, cheo chako na namba yako)

Jibu liko kwenye sentensi ya pili na ya tatu, kabla hajachoka kulitafuta. Nimeweka "pole" badala ya "tunasikitika kukujulisha", kwa sababu pole ni neno tunalompa mtu aliyefikwa na jambo, bila kujifanya tumeumia kuliko yeye. Wala sikuweka "samahani". Hamkumkosea, na ukiomba radhi ataanza kutafuta kosa lenu.

Sifa nimeziondoa. Mtu akisifiwa sana kisha akanyimwa kazi, hubaki akijiuliza kuna nini kilichofichwa, na mara nyingi huamua kwamba kazi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Kama kuna jambo la kweli alilofanya vizuri, litaje kwa jina lake, kwa mfano kwamba maelezo yake ya kodi ya ongezeko la thamani yalikuwa sahihi yote, na uliweke karibu na zoezi. Usiliweke mwishoni.

Kabla ya kutuma barua kama hii, mpe mwenzako asiyejua habari yenyewe aisome mara moja, kisha muulize: huyu kapata au kakosa? Na kesho afanye nini? Ikiwa jibu la swali la pili ni "asubiri", irudishe mezani.

Waombaji wetu walikuwa 340 na tuliowaita usaili ni 8. Wote niwaandikie hivyo?

Hapana. Barua yenye sababu ni ya waliokosa kati ya wale wanane, waliopoteza siku na nauli kwa ajili yenu. Waliobaki wanatosheka na sentensi mbili: kwamba walioitwa usaili wamekwisha kuitwa, na kwamba yeye hayumo.

Kama hata hizo hamna namna ya kuzituma, rekebisheni tangazo. Ile kauli tuliyoizoea, kwamba watakaochaguliwa kwa usaili pekee ndio watakaojulishwa, haina mwisho. Mtu anaweza kuisubiri hadi mwakani. Ongezeni tarehe: "Usipopigiwa simu hadi tarehe 20 Juni, fahamu kwamba hukuchaguliwa." Halafu tarehe hiyo muiheshimu.

Niko Mombasa. Mkurugenzi wetu amekataza kabisa kuandika sababu, anasema tutashtakiwa. Ana haki?

Ana sababu ya kuogopa, ila dawa aliyochagua siyo. Kwenu Kenya, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza ubaguzi dhidi ya mwajiriwa na pia dhidi ya anayetafuta kuajiriwa. Tanzania nako, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa mfanyakazi katika jambo hili. Maana yake mwombaji analindwa hata msipoandika neno. Ukimya haufuti ubaguzi uliofanyika.

Kinachowatia watu matatani ni aina ya sababu. "Tulihitaji mtu kijana zaidi", "una watoto wadogo na kazi hii ina safari", "hukuonekana kufaa mazingira yetu": hizi mbili za kwanza zinagusa umri na hali ya familia, na ya tatu haina maana yoyote, kwa hiyo kila mtu ataijaza kwa hofu yake, kabila au dini. Sababu salama ni ile ambayo tangazo lenu liliitaja kama sharti, na ambayo karatasi za usaili zinaionesha. Kama tangazo lilidai leseni ya kuendesha lori na yeye hana, andika hivyo. Kama karatasi za usaili hazioneshi kitu, basi kweli usiandike sababu, lakini jueni kwamba tatizo liko kwenye usaili wenu.

Usimlinganishe pia na aliyepata. "Mwenzako ana shahada ya pili" ni habari za mtu mwingine, na inaweza kumpeleka huyu kutafuta shahada ambayo tangazo halikuidai. Mweleze yeye na sharti.

Na iwe sababu ya kweli. Niliwahi kumwandikia kijana mmoja kwamba alikosa kwa uchache wa uzoefu, ilhali tulimwacha kwa kushindwa zoezi la kompyuta. Nilidhani namhurumia. Alirudi baada ya mwaka na nusu, uzoefu ameupata kwa taabu, akashindwa zoezi lilelile. Nilikuwa nimeketi mbele yake kwenye usaili ule, na nilijua ni mimi niliyemtuma njia isiyo yake.

Mtu wetu wa kwanza amekubali kazi kwa mdomo lakini hajasaini. Wa pili ni mzuri na sitaki kumpoteza. Nimwambie nini bila kumdanganya?

Hapa ndipo "bado" ni neno la haki, kwa sababu ndiyo hali halisi. Kosa ni kulisema bila tarehe.

Mwandikie: "Wewe ni chaguo letu la pili. Nafasi tumempa mwingine, naye ana muda hadi Ijumaa tarehe 16 kusaini. Akisaini, nitakujulisha siku hiyohiyo kwamba nafasi imefungwa. Ukipata kazi nyingine kabla ya hapo, ichukue." Sentensi hiyo ya mwisho waajiri wengi huiogopa. Iandike. Ukimficha ili asiondoke, umemkopa muda wake bila idhini.

Kusaini pia si kuripoti. Kwa Tanzania, anayelipwa kwa mwezi na amevuka mwezi wake wa kwanza kazini anatakiwa kutoa notisi ya siku zisizopungua 28 kwa mwajiri wake wa sasa, na katika siku hizo huenda akaongezewa mshahara asije kwenu. Nimeona hilo likitokea. Hata hivyo usimshikilie wa pili siku zote 28. Ukishasaini na wa kwanza, mwambie wa pili kwamba nafasi imefungwa, na ikitokea wa kwanza amegeuka, mpigie wa pili kama habari mpya kabisa. Simu ya namna hiyo haimuumizi mtu. Kinachomuumiza ni kusubiri ambacho hakikuja.

Mimi ni mwombaji. Niliambiwa "wasifu wako tutauhifadhi". Ni mwezi wa nne sasa. Nisubiri?

Usisubiri, mdogo wangu. Nadhani umelisikia neno "kuhifadhi" kama linavyosikika kwenye ajira za serikali. Kule Sekretarieti ya Ajira ina kanzidata ya waliofaulu usaili na wakakosa nafasi, na mtu anaweza kupangiwa kazi kutoka humo. Kampuni nyingi binafsi hazina kitu cha namna hiyo. Wasifu wako uko kwenye barua pepe ya mtu ambaye nafasi ikitangazwa atafungua maombi mapya.

Mwandikie mara moja, umuulize: nafasi niliyofanyia usaili imejazwa? Wasifu wangu mtakaa nao hadi lini? Swali la pili ni haki yako, maana ni taarifa zako binafsi, na Tanzania ina sheria ya kuzilinda tangu mwaka 2022. Asipojibu ndani ya wiki, nafasi hiyo ifute kwenye orodha yako.

Aliyekosa ni mtoto wa shangazi yangu, na usaili niliusimamia mimi. Barua itatosha?

Barua itoke ofisini kama za wenzake, yenye maneno yaleyale, isainiwe na mtu mwingine. Wewe mpigie yeye mwenyewe kabla barua haijamfikia, na kabla hujaongea na shangazi. Mwambie, "Hukupata, na uamuzi umekwisha." Usiongeze "nitakuangalizia". Ukoo mzima utaishikilia hiyo, na kila Idi utaulizwa umefikia wapi.

Shangazi akipiga, na atapiga, mpe jibu lilelile na shikamoo yake.